Anaendelea Vizuri, Aongeze Bidii

Watu wa Kikwajuni wanaiogopa kumbukumbu yangu kuliko mkasi wangu. Nnamkumbuka aliyesimama kwenye mkutano wa wazazi mwaka tisini na mbili akaahidi milango ya vyoo vya skuli, na nnalikumbuka shati alilovaa, kwa kuwa nililishona mie. Milango ilikuja baada ya miaka sita. Shati lilikuwa lishakuwa tambara la kupigia deki.

Basi katika watu wote, si mie niliyestahiki kudanganywa mara nane kwa maneno manne.

Faiza ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu Ubwa. Mama yake kaolewa Pemba. Ubwa mwenyewe yuko Mkokotoni, ananadi samaki sokoni kwa sauti inayovuka mpaka Tumbatu bila ya boti, na ana mke mpya na kichanga. Faiza nnaye mie tangu darasa la kwanza, kwa sharti aliloliweka baba yake mbele ya mashahidi: maadamu mtoto anakwenda mbele skuli, atakaa mjini kwa bibi yake. Siku atakapokwama, atakwenda Mkokotoni kumsaidia mama wa kambo kulea. Kila mwisho wa muhula Ubwa huja kuikagua ripoti. Huikagua kama anavyomkagua samaki changu: jicho, shavu, basi. Anaendelea vizuri? Haya, abaki.

Sasa Faiza yuko darasa la tano. Jumanne moja, siku tatu kabla ya skuli kufungwa, Ubwa alipiga simu kusema Ijumaa atakuja. Nikazitoa ripoti za nyuma kwenye droo ya cherehani nizipange. Miwani ilikuwa imezama chini ya vitambaa na mie mvivu wa kuitafuta.

"Faiza! Njoo nisomee hapa."

"Naam bibi." Akaja, akatupa jicho, akasema, "Anaendelea vizuri, aongeze bidii."

Sauti nzuri, kituo mahali pake. Ila miwani iliibuka wakati huo huo, nikaona kidole changu kimekaa mstari wa chini kabisa, ule wa tarehe ya kufungua: wanafunzi wote wafike na ufagio.

Nikakisogeza kidole juu, kwenye jina la skuli. "Na hapa?"

Akanitazama mie, karatasi hakuitazama. "Si hayo hayo, bibi?"

Nikachukua kipande cha gazeti kilichofungiwa vifungo, nikamkunjulia. Habari ilikuwa ya mbuzi waliokula maua ya ofisi moja ya serikali. Nikamwambia soma. Akakishika, akakigeuza, akakinyoosha kwa kiganja kama anayepiga pasi.

"Bibi, hii hajaisoma mtu bado."

"Kwani wewe si mtu?"

"Akiisoma mtu mara mbili, na mie ntaisoma."

Nikamsomea mara mbili. Akairudia habari yote, mbuzi kwa mbuzi, hakuacha hata jina la afisa. Hapo nikakaa chini.

Huyu mtoto chuoni, kwenye Kurani, anasifiwa. Ana juzuu tatu kifuani, na zote kazipata kwa sikio. Kumbe kaichukua njia ile ile akaenda nayo skuli. Kitabu cha darasa kina kifungu kimoja, watoto husimama kukisoma dawati kwa dawati, na zamu ikifika kwake kishasomwa mara nane. Yeye husimama wa tisa, akashika kitabu, akatiririka. Mitihani ni ya kuchagua herufi. Mwenye bahati na hesabu nzuri za kichwani atapata arubaini na kitu bila ya kusoma swali. Miaka mitano. Walimu watatu, kalamu tatu, sentensi moja.

Nnajua watu watasema, na wewe bibi ulikuwa wapi? Nilikuwa hapa, nnaipokea ripoti, nnasema alhamdulillahi, nnatia kwenye droo. Hilo nalo nnalikumbuka.

Lakini nilipandwa na hasira, na hasira zangu zina mizizi mirefu. Mie nilipokuwa skuli mwalimu wangu aliniandikia, "Mtoto mtulivu, ana adabu." Nilifeli, na adabu yangu nikaenda nayo kwenye cherehani ya shangazi. Kusoma sawasawa nimejifunza mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia vifungo, nna miaka ishirini na sita. Kila nilipozidi kusoma, adabu ilipungua.

Jumatano asubuhi nikavaa buibui nikaenda skuli.

Mwalimu Khatib, mwalimu wa darasa la Faiza, nilimkuta chumba cha walimu na rundo la ripoti, sitini na moja, kalamu sikioni. Ni kijana wa mtaani. Mama yake na mie tumekua pamoja.

"Shikamoo Bi Mwatima."

"Marahaba. Kaa."

"Nimekaa, Bi Mwatima."

"Basi simama, nikugombeze vizuri."

Akasimama. Nikamweleza habari ya kidole, ya gazeti na ya mbuzi. Kila nilichokisema kichwa chake kikizidi kuinama, na kichwa kinachoinama hivo hakishangai.

"Ulikuwa unajua," nikamwambia.

"Nilikuwa nnajua kidogo."

"Kidogo inchi ngapi?"

Akataka kucheka, akaona haifai. "Nimeona muhali, Bi Mwatima. Wewe na mama mnafuturu sahani moja. Kanzu yangu ya harusi kashona nani? Leo nishike kalamu nikuandikie mjukuu wako hajui kusoma?"

Hicho ndicho kisiwa chetu. Watu hawasemi uongo, wanaona muhali tu. Daraja bovu, muhali kumwambia fundi. Pilau imeungua, muhali kumwambia mwenye shughuli. Mtoto amekwama darasani, muhali kumwambia bibi yake, maana bibi ni jirani, na jirani atakutana nawe dukani kwa mkate.

"Kanzu ile," nikamwambia, "siku ya kukupima nilikwambia nini?"

"Aa, Bi Mwatima, tusifike huko."

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia bega langu la kushoto limeshuka kama la ngamia aliyepakiwa upande mmoja." Akatazama huku na huku. "Mbele ya wakwe zangu."

"Na kanzu ilikaaje?"

"Ilikaa sawa."

"Ningeona muhali ingekaaje?"

Akakaa bila ya kuruhusiwa, akaitoa kalamu sikioni, na sauti yake ikabadilika. Akaniambia kuwa mwaka wake wa kwanza wa kazi, skuli moja upande wa Kiembe Samaki, aliwahi kuandika ukweli. Aliandika, "Mvivu, hafai, anawapotezea wenzake wakati." Baba mtu aliisoma pale pale uwanjani, akamchapa mwanawe mbele ya darasa zima, na muhula uliofuata mtoto hakuonekana tena.

"Tangu siku ile nimeapa. Kalamu yangu haitampiga mtoto wa mtu."

Nilikuja na hasira gunia zima. Nusu ilimwagika hapo. Nusu iliyobaki nikaihifadhi, haiharibiki.

"Kwanza ule haukuwa ukweli," nikamwambia. "Mvivu wa nini? Alikuwa anashindwa lipi? Lile lilikuwa tusi, umeliandika kwa mwandiko mzuri. Na ukatoka kwenye tusi ukahamia kwenye sukari. Sasa hii ya Faiza utaiandika vipi, ukijua Ubwa anaisubiri? Ukiandika hajui, basi, mtoto anafungishwa nguo Ijumaa hii hii. Ukiandika anaendelea vizuri, atabaki kwangu na mwakani mtihani wa darasa la sita utamkuta hivo hivo."

"Sina ruhusa ya kuandika vyengine," akasema kwa sauti ya chini, akanionesha mlango wa mwalimu mkuu kwa kidevu. "Kuna karatasi ukutani."

Nikajua nusu ya gunia nimemwekea nani, nikaingia, Khatib nyuma yangu na rundo lake.

Mwalimu mkuu ni Bi Shemsa, mwanamke wa rula. Dawati lake limenyooka, mtandio wake umenyooka. Ukutani, nyuma ya kiti chake, palibandikwa karatasi iliyopigwa chapa: alama themanini na kuendelea, "Hongera sana." Sitini mpaka sabini na tisa, "Vizuri." Arubaini mpaka hamsini na tisa, ile nyimbo yetu. Chini ya hapo, "Ajitahidi zaidi."

"Bi Mwatima, karibu. Hii karatasi inaleta usawa," akasema baada ya kunisikiliza, na alinisikiliza, hilo simnyimi. "Mzazi huyu asiseme mtoto wa fulani kaandikiwa mistari mingi, wangu michache."

"Mwalimu mkuu, sare za skuli hii nnashona mie. Sare zinafanana rangi. Ningezishona kipimo kimoja, nusu ya watoto wako wangekuja uchi."

"Astaghfirullah."

"Nnasema kweli au sisemi?"

Khatib akakohoa. Bi Shemsa akamtazama, kikohozi kikapona.

"Tufanye jambo," nikasema. "Mie nageukia dirishani, nisione la mtoto wa mtu. Wewe chukua ripoti alizoandika Khatib jana. Funika jina, funika alama, msomee maoni yake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe. Atwambie ni ya nani. Akiwajua, nnakwenda zangu na sitokanyaga hapa mpaka mkutano."

Nadhani ni hilo la kutokanyaga lililomvutia. Nikageukia dirishani. Nikasikia karatasi, nikasikia rula ikiwekwa.

"Anaendelea vizuri, aongeze bidii," akasoma Bi Shemsa.

"Zahran," akasema Khatib.

"Siye."

"Tamima?"

"Wala. Nyengine. Vizuri."

"Vizuri tu?"

"Uliandika vizuri tu."

"Basi... Maha. Au yule anayekaa nyuma ya Maha."

Saba akazikosa. Mie dirishani nimeuma mtandio. Ya nane akaruka kwenye kiti. "Huyo Silima! Wallahi huyo Silima!"

"Umejuaje?" Bi Shemsa akauliza, na nilisikia tumaini kwenye sauti yake.

"Hapo pembeni ndipo nilipomwaga chai."

Hapo kikatoka kitu ambacho miaka kumi na moja ya mikutano yake sijapata kukisikia: Bi Shemsa anacheka. Alicheka mpaka rula ikaanguka. Alipomaliza akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akainyanyua rula, akairudisha mahali pake imenyooka.

"Unaweza kugeuka, Bi Mwatima. Sasa unataka aandike nini?"

Nikatoa daftari langu la vipimo mkobani, sitembei bila yake. Nikamsomea ukurasa mmoja, jina nimeliziba kwa kidole gumba. "Kiuno ishirini na tatu. Anapenda kuinua mkono wa kulia, kwapa lipanuliwe. Sketi ya mwaka jana imembana, anakua upesi. Wacha pindo inchi tatu."

"Huyo Tamima!" akasema Khatib. "Ndiye anayenyoosha mkono kila swali, hata ambalo sijauliza."

"Mie skuli sifundishi. Nimemjua kwa kwapa."

Khatib akalichukua daftari, akalitazama kwa muda. "Kuna alichonacho," akasema polepole, kama anayejisemea. "Kuna panapombana. Na kuna nafasi ya kukua, na nani ataifungua lini."

"Haya, usinigeuzie daftari langu hotuba. Muite mtoto, umpime kabla hujaandika. Hapimwi mtu kwa kukisiwa."

Faiza akaitwa. Akaingia akaniona, akaona ofisi, akadhani kafa mtu. Khatib akamkalisha karibu, akaandika papo hapo sentensi tano ambazo hakuna aliyepata kuzisoma duniani. Kisha akafanya jambo nililompendea: hakumwambia soma. Alimwambia, "Nataka kujua wapi pagumu, nikusaidie hapo. Ukifika pagumu, gusa tu."

Mtoto akanitazama. Nikatazama dari.

Akaanza. "Ba-ba... a-li-nu-nu-a... sa-ma-ki." Akaenda hivo, kama anayevuka barabara ya Michenzani, hatua moja, tazama, hatua moja. Akafika "akampa mbwa" akagusa. Akafika "maji ya kunywa" akagusa. Akafika "ng'ombe" akagusa. "Anakunja nguo" akapita. "Shwari" akagusa, halafu chozi moja likadondoka juu ya neno lenyewe.

"Naona haya, mwalimu."

"Mie ndiye wa kuona haya," akasema Khatib. "Wewe umesoma maneno kumi na nane ambayo hukusomewa na mtu. Nilikuwa sijui kuwa unaweza. Na unapokwama ni pale herufi tatu zinapobanana, au ng yenye alama yake juu. Si kitabu kizima. Ni hapo tu."

"Hapo tu?" akauliza Faiza, kamasi zinamshuka.

"Hapo tu. Hapo pana wiki kadhaa za kazi, lakini ni hapo."

Mtoto alitoka ofisini mrefu kuliko alivyoingia. Mie mpimaji, nnajua.

Kuandika sasa. Mngedhani mtu akishajua la kusema, kulisema ni rahisi. Khatib akaandika kwa penseli: "Faiza ni mwanafunzi mwenye bidii, ila ana changamoto katika stadi ya usomaji."

"Changamoto ndiyo nini?" nikauliza.

"Ni... ni neno tunalolitumia."

"Nnalijua. Limekuja na warsha, likakaa, halirudi kwao. Barabara ina changamoto, maji yana changamoto, mjukuu wangu naye ana changamoto. Ubwa akilisoma atampeleka hospitali. Funika jina. Nani huyo?"

"Darasa zima," akakiri, akafuta.

Akaandika: "Hajui kusoma vizuri. Mzazi afuatilie."

"Afuatilie wapi?" akauliza Bi Shemsa, ambaye sasa alikuwa kavuta kiti chake mpaka kwetu. "Mzazi ataufuata usomaji kama anayefuata kuku? Mwambie afanye nini, Khatib. Kitu anachoweza kufanya mtu aliyerudi kazini amechoka."

Mie nikanyamaza. Ukiona moto umeshika, usiendelee kupuliza.

Wakavutana wenyewe kwa wenyewe. Bi Shemsa akataka mwanzo uwe wa anachokiweza, "lakini kiwe kweli, usimzulie." Khatib akataka kuandika "hajui". Bi Shemsa akasema mtoto kasoma maneno kumi na nane mbele yetu, sasa hajui nini? Andika panapomshinda. Khatib akauliza kama inafaa kuandika kuwa yeye alichelewa kusema. Hapo Bi Shemsa akaisogeza rula yake, akairudisha. Ripoti ni karatasi ya skuli, na muhuri wake ndio utakaokaa chini.

"Andika," akasema mwisho. "Mie nilibandika karatasi ukutani, nami ntatia saini."

Nafasi ya mistari miwili haikutosha, ikabidi aandike kwa herufi ndogo kama sisimizi, mpaka pembeni. Nnayo hapa, nnanakili:

"Faiza akisikia kifungu mara mbili hukishika chote, na kwa hesabu za kichwani ni hodari. Kwa sababu hiyo hatukuona mapema kwamba kusoma maandishi mapya bado kunampa tabu, na mimi nilichelewa kulisema. Maneno mepesi anayasoma mwenyewe. Hukwama penye mbw, nyw, shw na ng'. Muhula ujao nitasoma naye dakika kumi na tano kila Jumatatu na Jumatano kabla ya kengele. Nyumbani apewe kila siku mistari mitatu asiyoijua, aisome yeye kwanza, asisomewe."

Funika jina, utamjua. Hata mbuzi wale wangemjua.

Zilibaki sitini, pamoja na za jana za kuandikwa upya. Khatib akalitazama rundo kama mtu anayetazama vyombo vya harusi. Bi Shemsa akaibandua karatasi ukutani, akasema mwalimu wa hesabu atamletea daftari zake za darasa hilo, maana hawezi kuandika asilolijua, na kuwa kila atakayoimaliza Khatib, yeye mkuu ataifunika jina kabla ya kusaini. Asipomjua mtoto, inarudi. Alhamisi nzima, niliambiwa, ilirudi ya Zahran mara nne. Mwisho ikaandikwa kuwa huchora ramani vizuri kuliko kitabu, ila hazijui mpaka leo jedwali za saba na nane, kwa sababu zinapofundishwa huwa anachora ramani.

Ijumaa baada ya sala Ubwa akaingia na mfuko wa changu na harufu yake.

"Mama, shikamoo. Iko wapi?"

"Marahaba. Nawa mikono kwanza."

Akanawa, akakaa. Faiza alikuwa kwenye mkeka, anachagua vifungo vyeupe na vyekundu ambavyo havikuhitaji kuchaguliwa. Ubwa akafunua ripoti, akatafuta maneno yake manne, hayapo. Akaisogeza karibu. Akaanza kusoma, midomo inakwenda. Nikaiona midomo ikisimama.

"Kunampa tabu?" Ile sauti ya mnada ikatoka, majirani wakazima redio wasikie vizuri. "Miaka mitano! Kusoma kunampa tabu?"

"Bado, limeandikwa bado."

"Mama, sharti ni sharti. Nilisema mbele ya watu. Faiza, kafunge nguo zako!"

Vifungo vikamwagika. Mtoto akasimama, akanitazama. Watu wananijua kwa mdomo, walingoja niufungue. Sikuufungua kwa ugomvi.

"Ubwa, wewe tangu mdogo unaacha chakula nusu sahani. Maliza kusoma."

Akanikazia macho. Akashuka kwenye karatasi tena, kwa hasira, kama anayetafuta mwiba. Akafika mahali akarudi nyuma. Akarudia.

"Huyu mwalimu kaandika mwenyewe kuwa kachelewa?"

"Mwenyewe, kwa wino."

"Na mkuu wake katia saini?"

"Na muhuri. Utazame."

Akaupangusa muhuri kwa kidole kuona kama unatoka. Halafu akacheka puani, kidogo.

"Sokoni kuna mzee mmoja," akasema, "akileta samaki husema, hawa wa leo, hawa wa jana. Wengine wote wanasema wa leo, wa leo, wa leo. Unajua watu hununua kwa nani hata wale wa jana?"

"Kwa yule mzee."

"Kwa yule mzee." Akaisoma mara ya tatu. "Dakika kumi na tano, Jumatatu na Jumatano." Akahesabu kwa vidole. "Kule kwangu nani atakaa naye? Mke wangu na kichanga mkononi. Mie sauti nnayo, wakati sina. Hizi dakika ziko mjini." Akamgeukia mtoto, na sauti ikashuka kutoka mnadani mpaka chumbani. "Ni kweli unakishika kifungu kwa mara mbili?"

"Ndio baba."

"Mie bei za mnada mzima hukaa kichwani mpaka jioni, bila ya kuandika. Umeniibia hiyo." Akakuna shingo. "Hili la nyw, ni gumu sana?"

"Gumu kidogo. La mbw ndilo baya."

"Basi rejesha vifungo. Utakaa mpaka mwisho wa muhula ujao, tuone hili la mwalimu. Akitimiza na ukitimiza, sharti nalifuta mbele ya mashahidi wale wale."

Nilikwenda kuwatia maji changu, maana macho yalikuwa yananiwasha, na ilikuwa bora ionekane ni magamba.

Nikawabandika motoni. Niliporudi alikuwa kashika kalamu, anajaza nafasi ya maoni ya mzazi. Nikachungulia begani. Alikuwa kaandika, "Ahsante mwalimu, aendelee na bidii."

Nikampiga kiganja kwa futi ya kushonea.

"Mama! Nna miaka arubaini!"

"Na unaandika kama ukuta wa skuli. Ziba jina lako. Hiyo kaandika nani?"

Akafikiri, ulimi nje kama alipokuwa darasa la pili. Akakata, akaandika upya, na hili nalo nalinakili: "Faiza abaki. Nitampigia simu kila Ijumaa anisomee mistari mitatu, mimi nitanyamaza. Sikujua hali yake kwa kuwa nilikuwa nikitazama karatasi tu, yeye sikumuuliza. Mwalimu amesema kweli na nimemwamini. Ila apunguze mikia ya herufi zake, nusu saa nimeisoma."

"Hapo sawa," nikasema.

Faiza alikuwa kasogea, kidevu juu ya meza, anaikagua ripoti kutoka juu mpaka chini. Nafasi ya mwalimu wa darasa. Nafasi ya mwalimu mkuu. Nafasi ya mzazi. Muhuri.

"Na mie niandike wapi?"

Ubwa akanitazama, mie nikamtazama Ubwa. Miaka yote hii ya mikutano, milango ya vyoo, madawati, kelele zangu zote, hilo halijapata kunijia.

Nikaigeuza karatasi. Nyuma ilikuwa tupu. Akaiinamia, kiwiko kimeizunguka tusione, akaanza kuandika herufi moja moja, huku anajisomea kwa kunong'ona kila silabi kabla ya kuiweka. Ubwa akanyoosha shingo kuchungulia, nikamvuta kwa kola.

"Wacha," nikamwambia. "Barua yake na mwalimu wake."

Changu wakaungua kidogo. Hakuna aliyeona muhali kusema.